Kichwa cha mwaliko kisibaki juu ya marudio

Vyama vyetu vingi hapa Bukavu vimejifunza kufanya webina, na vinafanya vizuri. Ila mkutano ukiisha, kila mtu anafunga simu, na kichwa cha video kinabaki jinsi kilivyokuwa asubuhi ile. YouTube inahifadhi yenyewe matangazo ya moja kwa moja yasiyozidi saa 12, kwenye kiungo kilekile, kwa hiyo marudio yapo. Yapo, lakini yamevaa nguo ya mwaliko, na mwaliko wa jana hakuna anayeutafuta.

Chukua webina moja ya chama cha wakulima, juu ya mnyauko wa migomba. Ugonjwa huo ulionekana Masisi mwaka 2001, na tangu hapo haujatuacha. Mkulima wa Kabare au Walungu atauliza habari zake mwaka huu na mwaka ujao. Ni mada inayostahili kabisa kuonekana muda mrefu. Kichwa cha tangazo kilikuwa hiki:

```
LIVE siku ya tatu saa nane (Kinshasa saa saba): Mazungumzo na wataalamu wa kilimo, sehemu ya 3
```

Kama mwaliko, sina neno. Kinataja siku, kinataja saa zote mbili kwa sababu nchi yetu ina saa mbili, na waliohudhuria sehemu ya kwanza na ya pili wanajua wanaitwa. Lakini kisome kwa macho ya mtu aliyeona majani ya mgomba yakigeuka njano jana jioni. Mgomba haumo, ugonjwa haumo. Kuna saa iliyokwisha pita na namba 3 inayomfanya adhani amekosa mambo mawili ya kwanza. Hata YouTube yenyewe, ambayo hulinganisha maneno ya mtafutaji na kichwa, maelezo na yaliyomo kwenye video, haipewi kitu cha kushika pale juu.

Kichwa cha marudio kingekuwa hivi:

```
Mnyauko wa migomba: dalili zake na kukata shina lenye ugonjwa
```

Ni herufi 61 pamoja na nafasi. YouTube inaruhusu 100, lakini kwenye simu sehemu ya mwisho ya kichwa kirefu hukatwa, ndiyo maana jina la tatizo limekaa mwanzoni. Jina la chama na la mtaalamu yanaweza kuingia kwenye maelezo. Najua viongozi hawapendi hilo. Wanataka cheo cha mgeni kitangulie. Mgeni akiwa mtu ambaye watu wanamtafuta kwa jina lake, mweke. Kama sivyo, kumtanguliza ni heshima ya ukumbini tu.

Maneno ya kichwa yatoke wapi? Watu wengi huyachukua kwenye ukurasa wa kwanza wa slaidi, na hapo ndipo utakuta Xanthomonas, usimamizi jumuishi, ustahimilivu. Mimi ningefungua gumzo la webina na kusoma maswali. Huko watu huandika kama wanavyotafuta: kwa nini ndizi inaiva ndani ingali changa, yale maji ya njano yanayotoka ukikata shina ni nini, nikikata shina moja lile la pembeni litapona? Swali la mwisho ndilo lililonifanya niweke kukata shina kwenye kichwa, maana sehemu yenye faida zaidi ya mazungumzo ni pale mtaalamu anapoeleza kwamba huhitaji kung'oa kitalu kizima: unakata shina linaloonyesha dalili, chini kabisa, kisha unapitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa jingine. Maswali yaliyobaki yanaingia kwenye sentensi mbili za kwanza za maelezo, kwa maneno yaleyale ya waulizaji.

Lugha inataka uangalifu wake. Simu nyingi hapa mjini zimewekwa Kifaransa, hata za watu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima. YouTube inakuruhusu kuongeza kichwa cha tafsiri, na mwenye simu ya Kifaransa ataonyeshwa hicho. Ni jambo zuri, lakini mtu akibofya kichwa cha Kifaransa akasikia Kiswahili, anaweza kutoka mara moja. Basi sema mapema: `Flétrissement bactérien du bananier (en swahili)`. Kuchanganya lugha zote mbili ndani ya kichwa kimoja sikushauri; kinakuwa kirefu, na nusu yake inakatwa.

Kama chama kina tovuti, kuna kazi ya pili. Ukurasa wa kujiandikisha usiufute. Ugeuze uwe ukurasa wa marudio, kwenye anwani ileile, kwa sababu viungo vyote vilivyotumwa kwenye WhatsApp vinaelekea pale. Toa fomu, weka video juu, halafu badilisha kichwa sehemu zote mbili: ndani ya `<title>` na kwenye `<h1>` inayoonekana. Wengi hubadilisha ile inayoonekana tu. Google hutengeneza kichwa cha matokeo kutoka sehemu kadhaa za ukurasa, na zikipingana, inachagua yenyewe. Unaweza kukuta matokeo bado yanasema «Jiandikishe» kwa mkutano uliokwisha zamani. Ikiwa anwani yenyewe ina tarehe na huwezi kuivumilia, ibadilishe, lakini weka uelekezo wa 301 kutoka ya zamani.

Kuhusu mwaka, sikubaliani na wanaosema uondolewe daima. Webina ya kanuni za kodi au masharti ya kusafirisha kahawa inahitaji mwaka, maana mtazamaji lazima ajue kama anasikia sheria ya sasa au ya zamani. Dalili za mnyauko hazibadiliki kila Januari. Kuweka mwaka pale ni kuipa video uzee isio nao, na kuweka mwaka mpya juu ya mazungumzo ya zamani ni kudanganya watu.

Sasa, kichwa kina mpaka wake. Kikiahidi dalili na kukata shina, halafu video ikaanza na watu wanaoulizana «munanisikia?», ikafuatiwa na salamu za itifaki na neno la mwenyekiti, mtazamaji anayehesabu mega zake hatangoja. Kihariri cha YouTube Studio kinaweza kukata mwanzo huo bila kubadilisha kiungo wala kupoteza idadi ya watazamaji. Kisha weka sura kwenye maelezo: ya kwanza iwe `0:00`, zisipungue tatu, zifuatane kwa mpangilio wa muda, na kila moja idumu angalau sekunde 10.

```
0:00 Dalili kwenye majani na ndizi
6:40 Kukata shina lenye ugonjwa
14:15 Kusafisha panga
```

Baada ya wiki kadhaa fungua takwimu, utazame wanaokuja kwa njia ya utafutaji. Kama video inaonyeshwa mara nyingi na watu hawabofyi, kichwa au picha yake haijawaambia kitu. Wakibofya na kuondoka katika dakika ya kwanza, usiguse kichwa kwanza. Tazama mwanzo wa video. Na kama inaonyeshwa mara chache tu, soma orodha ya maneno yaliyowaleta wale wachache waliofika. Mara nyingine utakuta wameandika «ndizi kuoza ndani», maneno ambayo hakuna aliyeyaweka popote, na hayo yanastahili kuingia kwenye maelezo siku hiyohiyo.