Karata Tatu, Wasomaji Wawili: Ulizia Picha Kwanza

Mteja wa Kariakoo anataka kuacha ajira afungue duka la vitenge. Anatandikiwa karata tatu za taroti, zile za kubashiri. Kutoka kushoto ni Nne ya Sarafu, Nane ya Vikombe, na Tatu ya Fimbo iliyolala kichwa chini. Msomaji anamwambia aondoke kazini, ila mzigo utachelewa. Mteja anapiga picha, anamtumia msomaji mwingine kwa WhatsApp, naye anamwambia asiondoke. Basi mmoja ni tapeli? Mimi ningeulizia picha kwanza.

Mteja hukaa ng'ambo ya meza. Akipiga picha kutoka alipokaa, kushoto huwa kulia, na kila karata hugeuka: mbili zilizosimama zinaonekana zimepinduka, na ile iliyopinduka inasimama. Msomaji wa pili anasoma mtandazo mwingine bila kujua. Picha ipigwe kutoka upande wa msomaji, na swali liandikwe chini yake neno kwa neno.

Tuseme picha iko sawa. Wa kwanza anaziita nafasi zake, yaani mahali kila karata inapokaa, jana, leo na kesho. Katika karata alizochora Pamela Colman Smith, zilizotoka London mwaka 1909, Nane ya Vikombe ina mtu anayeviacha vikombe vyake akienda zake usiku. Ikikaa "leo", inasomeka: ondoka. Wa pili anaziita hali, kikwazo na ushauri. Mtu yuleyule, akikaa kwenye kikwazo, ndiye tatizo lenyewe: hamu ya kukimbia kazi. Karata haijabadilika hata chembe.

Tatu ya Fimbo ina mtu aliyesimama juu akitazama meli baharini. Wa kwanza husoma karata zilizopinduka, kwa hiyo kwake meli zinakawia. Wa pili hazisomi. Huigeuza iwe wima, akaona ushauri: tuma mzigo, wewe baki nchi kavu. Wapo wasomaji wazuri wa kila namna, mradi msomaji aseme utaratibu wake kabla ya kufunua karata, si baada ya kuona kilichotoka.

Sasa mteja apime. Kwenye Nne ya Sarafu, mtu aliyekumbatia sarafu yake, wote wawili wamesema fedha imebanwa mno, ingawa nafasi ni tofauti. Hapo ndipo pa kuanzia: akiba ni kiasi gani, na itamlisha miezi mingapi bila mshahara? Suala la kuchelewa aliulize kwa wakala wa forodha bandarini. Karata haijui ratiba ya meli. Linabaki la kuondoka au kubaki. Hapo amuulize kila msomaji: "Hilo umelitoa kwenye picha, kwenye nafasi, au ni maoni yako?" Anayejibu "nimehisi tu" hajatenda kosa, lakini neno lake lipewe uzito wa maoni ya jirani.

Msomaji wa tatu wa kuamua ugomvi simshauri. Atakuja na majina yake ya nafasi, na mteja atarudi nyumbani na majibu matatu.