Chupa ya manukato inapokataa kuwa kopo la asali

"Kuna tangazo la manukato napenda lilivyopangwa. Nikiliweka liwe mwongozo kwenye programu ya AI ya kutengeneza picha, halafu kwenye maelezo nikaandika kopo langu la asali, rangi ya njano na ufuo wa Raskazone, nitapata picha yangu au chupa yao itanifuata?" Swali la muuza asali mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga.

Inategemea umeipitishia mlango gani. Wengi huanza na img2img, ambako programu inaivuruga picha ile ile kisha inaichora upya. Ukiweka `Denoising strength`, yaani kiwango cha kuivuruga, 0.4, zambarau ya tangazo inabaki hata ukiandika njano mara kumi. Ukipandisha hadi 0.8, rangi inakubali kubadilika, lakini na ule mpangilio ulioupenda nao unaanza kupotea.

Mlango wa pili ni ControlNet, nyongeza inayochukua umbo la picha ya mwongozo badala ya picha nzima. Ukichagua `Canny`, inachukua mistari ya kingo, kwa hiyo mabega membamba ya chupa ya manukato yanabaki yalivyo. Utapata asali ndani ya chupa ya manukato. `Depth` ni afadhali. Yenyewe inatengeneza picha ya kijivu, kilicho karibu cheupe, kilicho mbali cheusi, na rangi zote zinatupwa. Ukishusha `Control Weight`, nguvu ya mwongozo, hadi kama 0.6 na `Ending Control Step`, hatua unapoishia, hadi 0.5, mwongozo unaachia njiani na kopo linapata nafasi ya kunenepa.

Faida yake siikatai. Ile nafasi tupu ya juu kushoto, pa kuandikia bei, inabaki palepale katika picha zote sita za msimu, na ukurasa unaonekana wa mtu mmoja. Kwa maelezo matupu utaandika "kopo liwe kulia, chini kidogo" mpaka usiku, na bado litakaa katikati.

Ila kopo fupi pana haliingii vizuri kwenye pengo la chupa ndefu. Dalili yake utaiona shingoni: kopo limevutwa juu, au juu ya kifuniko kumeota kitu kisichoeleweka, kwa sababu ile picha ya kijivu ilisema hapo pana kitu. Halafu lipo la hakimiliki: kufuata tangazo la mwenzako kitu kwa kitu ni kujitafutia maneno, hata rangi zikiwa zako.

Kwa hiyo nilimwambia aachane na lile tangazo. Tuliweka kopo lake lenyewe juu ya meza, kulia, boksi la viatu nyuma lishike nafasi ya jiwe la ufuoni, tukapiga kwa simu, picha hiyo ndiyo ikapita `Depth`. Ufuo na machweo vikatoka vizuri mara ya tatu. Lebo ilitoka na herufi za ajabu, kama kawaida, hivyo tuliipiga picha ya kweli tukaibandika juu.