Ukipunguza bei ya nyumba Lubumbashi, ipunguze mara moja

Hapa Lubumbashi mtu akisikia nyumba imeshushwa bei, hafurahi kwanza. Anajiuliza: setifika iko kwa jina la nani? Marehemu aliacha ndugu wangapi wanaogombana? Hii lupango imeshauzishwa mara ngapi? Ana haki ya kuuliza. Mji wetu umejaa kuta zilizoandikwa kwa rangi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, na mwenye kuandika vile hakuwa na rangi ya kuchezea. Aliogopa mjanja asije akaiuzisha nyumba hiyo wakati mwenyewe yuko safarini. Kwa hiyo anayeshusha bei ovyo hapotezi dola tu. Anawapa watu sababu ya kutilia shaka karatasi zake.

Nilijifunza hayo nilipouzisha nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Bel-Air, aliyetaka kuhamia Likasi karibu na binti yake. Vyumba vitatu, foraje, ukuta mzima, setifika kwa jina lake. Aliianzisha kwa dola 95,000, kwa sababu shemeji yake alimwambia nyumba ya jirani iliuzwa hivyo. Ya jirani ilikuwa na lupango karibu mara mbili ya hiyo, lakini jambo hilo shemeji hakulitaja.

Miezi miwili ya kwanza simu zilikuja, watu tisa wakatembelea, hakuna aliyetaja bei yake. Mama akashusha hadi 93,000. Wiki nne baadaye, 90,000. Na kila komisyonere alikuwa na bei yake: mmoja bado alisema 95, mwingine 90, wa tatu, ambaye hata sikujua nani alimpa picha, alikuwa ameiweka kwenye kundi la Wasapu kwa 88 na kuandika «uza haraka, sababu ya safari». Kuna bwana mmoja aliyetembelea katika ile miezi miwili ya kwanza. Kila bei iliposhuka alinipigia: «Papa, bado iko?» Nikimjibu iko, anasema asante, anakata. Hakuwa mjinga. Bei ikishuka mara mbili kwa kidogo kidogo, mnunuzi mwenye akili anangoja ya tatu.

Ndiyo maana nasema aibu haiko katika kupunguza. Iko katika matone. Bei ikidondoka leo elfu mbili, mwezi ujao elfu tatu, mtaa mzima unaona mwenye nyumba akirudi nyuma hatua kwa hatua, na hakuna anayejua ataishia wapi.

Kabla ya kushusha tena tulikaa na mama kwenye baraza lake tukahesabu. Kama watu wangekuwa hawapigi simu kabisa tangu mwanzo, bei ingekuwa nje ya mfuko wa wote. Kama wangepiga simu nyingi bila kuja, ningelaumu picha au barabara. Lakini walikuja, wakaangalia, wakanyamaza. Mnunuzi wa kwetu akiona bei iko karibu na ukweli, anabishana. Akinyamaza, ameona umbali ni mkubwa mno hata kubishana ni kumtukana mwenye nyumba. Nikaulizia nyumba tatu zinazolingana na yake zilizokwisha kuuzwa kweli, si zilizotangazwa. Zote zilikuwa kati ya 75,000 na 80,000.

Kisha kuna jambo la mfuko wenyewe. Mtu akimwendea komisyonere hasemi «nitafutie nyumba ya 83,700». Anasema «nina 80». Nyumba ya 82,000 haonyeshwi, ingawa tofauti ni ndogo. Kushuka kutoka 90 hadi 84 kungempotezea mama elfu sita bila kumletea hata mtu mmoja mpya. Tukaamua 79,000 moja kwa moja, na sakafu ya 76,000 tukaijua sisi wawili tu. Ile elfu tatu ya katikati ni ya kubishana, maana hapa mtu asiyepunguziwa chochote anaona ameonewa.

Mama aliumia, sitaficha. «Baba, hiyo ni kuitupa.» Nikamwomba anipe muda.

Wiki ya kwanza tuliondoa kila tangazo. Nikawapigia makomisyonere wote, hata yule wa 88: picha za zamani zitoke, kuanzia sasa bei inatoka kwa mdomo mmoja, na atakayeleta mnunuzi atalipwa sehemu yake kama kawaida. Bila ahadi hiyo ya mwisho wasingesikiliza. Tukangoja mvua ziishe, kwa sababu mwezi wa tatu barabara ile ni tope na hakuna nyumba inayopendeza ukiingia na viatu mkononi. Mwezi wa tano ukaingia, tukapiga picha mpya asubuhi, nyasi zimekatwa, geti limepakwa rangi.

Kabla ya kutangaza popote, niliwapigia wale tisa. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona kubwa kuliko tangazo lenyewe. Walishaiona nyumba, wanaijua, na wakisikia bei mpya kutoka kwenye kundi watajiona wamezungukwa. Niliwaambia hivi: «Ulitembelea nyumba ya Bel-Air. Tumelinganisha na zilizouzwa mtaani, tumeona bei ya kwanza ilikuwa juu. Sasa ni 79,000. Jumamosi tunaifungulia watu wote, nimeona nikujulishe kwanza.» Hiyo ndiyo sababu, na ilikuwa kweli. Sikutaja Likasi wala binti. Aliyeuliza mama anakwenda wapi alijibiwa bila kufichwa, lakini tangazo si mahali pa kueleza shida za mwenye nyumba.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi: «Nyumba Bel-Air, vyumba 3, foraje, setifika kwa jina la mwenyewe, inaonyeshwa kabla ya malipo yoyote. Bei: dola 79,000. Kutembelea Jumamosi, saa nne hadi saa nane.» Bei ya zamani haimo. Kuikata kwa mstari na kuandika mpya pembeni ni mambo ya duka la viatu; nyumba ukiifanyia hivyo, mtu atauliza mstari wa pili utakatwa lini. «Bei inajadiliwa» pia haimo, kwani kila mtu anajua inajadiliwa, na ukiiandika umeshapunguza kabla hujaulizwa. Setifika imetajwa kabla ya bei makusudi: anayesoma 79,000 awe ameshajibiwa lile swali lake la kwanza. Na saa za Jumamosi ziliwafanya wakutane getini. Sikumdanganya yeyote kwamba kuna mwingine mwenye pesa, walionana wenyewe.

Njia hii ina mpaka wake. Kama setifika ingekuwa bado kwa jina la marehemu na warithi hawajapatana, hata 60,000 isingesaidia, ingeongeza tu uvumi. Hapo unashughulikia karatasi kwanza, bei baadaye.

Jumamosi ile walikuja sita, wawili wakiwa wa zamani. Mmoja akaanzia 72,000, mama akatabasamu akamletea maji. Jumanne walifunga kwa 77,500, baada ya mnunuzi kwenda kuhakikisha setifika kwa konsevateri wa hati za ardhi. Yule bwana wa «bado iko?» alinipigia Alhamisi, nikamwambia haipo tena, akauliza kama nina nyingine.

Nilipita pale wiki mbili baadaye. Mwenye nyumba mpya alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi nyekundu, anaandika ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi.