Posa, ramli na tafsiri ya kifungo

Pwani yetu, posa inapofika, zipo familia zinazoomba muda kidogo kabla ya kumjibu mshenga. Muda huo mara nyingine huishia kwa mpiga ramli. Wengi wanaobishana juu yake hawajawahi kutazama anavyohesabu.

Kwenye mchanga au ubao, hupiga mistari kumi na sita ya vidoto bila kuvihesabu. Kisha hufuta viwili viwili; kila mstari hubakiwa na kidoto kimoja au viwili. Mistari minne hufanya sura moja, na sura nne za kwanza huitwa mama. Binti wanne hutokana nao: binti wa kwanza huchukua mistari ya juu ya mama wote, wa pili mistari inayofuata, hivyo hivyo. Baadaye sura hujumlishwa mbili mbili, mstari kwa mstari, jumla ya witiri ikiandikwa kidoto kimoja na ya shufwa viwili, mpaka sura ya kumi na tano, hakimu. Nafasi ya kila sura huitwa nyumba, na nyumba ya saba ndiyo ya ndoa.

Tuseme mama wametoka hivi, kutoka juu kwenda chini: 1-2-2-1, 2-2-1-2, 2-1-1-2, 2-2-2-2. Mistari yao ya tatu inatoa binti wa tatu, ambaye hukaa nyumba ya saba: 2-1-1-2, Ijitimai, yaani kukutana. Familia inafurahi. Lakini ukijumlisha mpaka mwisho, hakimu ni 1-2-2-1, Ukla, kifungo. Mmoja atasema ndoa imefungika, haitavunjika. Mwingine atasema binti anayeposwa ataingia kifungoni. Mchanga ni uleule.

Hesabu yenyewe ni ya kweli na ina kipimo chake: vidoto vya hakimu lazima vigawanyike kwa mbili. Vikitoka tano au saba, mpigaji amekosea. Ila usahihi wa hesabu hauthibitishi tafsiri, na hapo ndipo naona tatizo.

Wanaoitetea wana hoja nzito. “Nyota haziendani” ni jibu linalomwezesha mshenga kurudi bila mtu kuvunjiwa heshima. Hutaja pia Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Nabii aliyekuwa akipiga mistari. Lakini Hadithi hiyo imeweka sharti la kuafikiana na mistari yake, na wanazuoni wengi huuliza nani leo anaijua. Mkusanyiko huohuo umeonya kwamba anayemwendea mtabiri na kumuuliza hakubaliwi sala siku arubaini.

Mimi napinga kuiachia ramli uamuzi. Binti aliyekataliwa kwa Ukla hana pa kukata rufaa, na sababu halisi, pengine kabila au umaskini wa mposaji, hubaki imefichwa nyuma ya mchanga. Tena, wachumba wote wawili wakibeba chembe ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa nne wa mtoto mgonjwa. Hilo hujulikana kwa kupima damu, na muda ule mshenga anaosubirishwa unatosha kabisa kulipima.