VIP ya elfu hamsini

Jamani ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza nyie. Hela ya mtungi wa gesi, elfu hamsini kamili, niliituma kwa admini mmoja wa Telegram aniingize VIP ya signali za foreksi. Kwenye chaneli yake ya bure kila jioni alikuwa anamwaga skrinshoti za faida, mara dola 300, mara dola 600, hajawahi kuliwa hata siku moja, na mimi badala ya kujiuliza mtu anayeshinda hivyo anaitakia nini elfu hamsini yangu nikaona ana roho nzuri tu.

Jumanne jioni ikadondoka ya kwanza: SELL GOLD 3340, SL 3346, TP 3325. Yaani uza dhahabu, ikishuka mpaka 3325 chukua chako, ikipanda mpaka 3346 ujue umeliwa. Akaunti ina dola 40. Loti ya 0.01 ni aunsi moja, ningepoteza dola 6 tu, ila tamaa hii, nikaweka 0.05. Dhahabu ikapanda kama imeitwa. Dola 6 mara aunsi 5, dola 30 hizo zimeenda, na nilikuwa nimejifungia chooni maana sikutaka mama Neema aione sura yangu.

Narudi VIP nione tunapewa pole gani, nakuta shangwe! Ile meseji sasa inasomeka BUY GOLD 3340, TP 3346 ✅ na pembeni kaandishi kadogo: edited. Yaani palepale nilipochinjiwa mimi ndo pamegeuzwa pa kushangilia. Chini yake skrinshoti: buy 0.10, imefunguliwa 3340.00 imefungwa 3346.00, faida 600.00. Nikahesabu kwa vidole, loti 0.10 ni aunsi 10, mara dola 6, ni 60. Jamaa kaichezea faida kasahau kuigusa loti, hata wizi wenyewe hajaumalizia.

Nikamfuata inboksi kistaarabu, mkuu habari za jioni, mbona hesabu haikubali? Akanijibu "broo saikolojia yako bado changa," nilipouliza tena nikapigwa bloku. Shemeji yangu, ndo aliyenipeleka huko, yeye bado yumo, na Jumamosi akanirushia ushindi mwingine, "wa leo asubuhi broo", wakati soko limefungwa tangu Ijumaa usiku. Sikumjibu, mikono ilikuwa na masizi.

Maana gesi iliisha Alhamisi. Nimechuchumaa napuliza jiko la mkaa, machozi yananitoka, mama Neema kasimama mlangoni.

"Baba Neema, ile dhahabu yako imepandaga?"

"Imepanda sana tu."

"Haya, puliza na huku nyuma, moto haujashika."