Profesa wa Mikeka na Daftari la Mpwa Wake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Malindi alituma ujumbe katika kundi letu la mtaa akiuza "mechi za uhakika" kwa shilingi mia tatu kwa wiki, na chini yake akaandika kwamba kubeti si bahati bali ni ujuzi kama ujuzi mwingine wowote. Watu wazima, wenye watoto na kodi za nyumba, wakamjibu kwa alama za dole gumba. Mimi ujumbe ule ulinikera kiasi cha kunikosesha hamu ya chakula cha jioni, na kwa kuwa kubishana ndani ya kundi ni kupoteza bando, nitamjibu hapa kwa hadithi. Atakayejitambua ndani yake asinilaumu.

Tumwite Athmani. Ni fundi wa mashine za boti, na wavuvi wa upande wa Shela humwendea yeye kabla ya kumwendea mwingine. Ukimletea mashine inayokohoa haanzi kuifungua. Atakuuliza umechanganya oili kiasi gani na petroli, atachomoa plagi aiangalie kama imelowa na kuwa nyeusi, kisha ataiwasha ndani ya pipa la maji atazame ule mchirizi unaotoka ubavuni. Mchirizi ukiwa dhaifu, hukwambia kuwa impela imekwisha au njia ya maji imeziba, na kabla ya adhuhuri mwenye boti huwa amekwisha kujua kama fundi amesema kweli. Akikosea, boti hurudi ikivutwa kwa kamba na pwani nzima huona. Miaka ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya Athmani kuwa Athmani.

Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na kazi kupungua, Athmani huhamia kwenye kibanda cha kubeti karibu na stendi ya matatu. Huko alipata jina jingine. Aliwahi kuweka shilingi mia moja kwenye mkeka, yaani tiketi moja ya mechi saba ambayo hulipa ukizipatia zote, na mkeka ukatoka, akalipwa zaidi ya elfu kumi na nne mbele ya vijana waliokuwa wamesimama mlangoni, na tangu siku hiyo wakamwita Profesa. Wakawa wakija na tiketi zao wakisema, "Shikamoo Profesa, hebu tuangalilie hii," naye huvaa miwani, husoma majina ya timu, hutaja nani ameumia goti na nani amefungiwa kadi, na kutoa hukumu. Mikeka mingine iliyochanika kabla na baada ya ule mmoja haikuwa na mashahidi mlangoni.

Aliyemtibua ni mpwa wake, msichana wa kidato cha tatu aliyefika nyumbani kwake likizo ya Agosti. Alimsikia akijisifu kwamba hushinda zaidi ya nusu ya mechi anazobeti, akamuuliza swali ambalo vijana wa mlangoni hawakuwahi kumuuliza: "Mjomba, unaziandika wapi?" Athmani akasema zimo kichwani. Msichana akamnunulia daftari la kurasa arobaini na nane, akachora safu za tarehe, timu, odi ambayo ni mara ngapi dau litarudi ukipatia, dau lenyewe na kilichorudi, akamtaka aandike kila tiketi kabla ya mpira kuanza, si baada yake. Walikubaliana aache mikeka kwa muda na abeti mechi mojamoja kwa dau lile lile la shilingi mia, ili hesabu isichafuke. Athmani alikubali kwa sababu alijua atashinda.

Na kweli alishinda. Msichana aliporudi likizo ya Desemba, daftari lilikuwa na mechi 120, na Athmani alikuwa amepatia 66. Akapiga goti kwa kofi: si nilikwambia? Msichana akajumlisha safu ya mwisho. Zile 66 zilikuwa na wastani wa odi ya 1.65, kwa hiyo zilirudisha shilingi 10,890, ilhali dau lote lilikuwa shilingi 12,000. Profesa alikuwa amepatia zaidi ya nusu na bado alikuwa amepoteza shilingi 1,110. Kwa odi hizo alihitaji kupatia mechi 73 ili arudishe pesa yake tu, bila hata senti ya faida. Kupatia zaidi ya nusu ya mechi ni jambo kubwa ikiwa kila mechi inakulipa maradufu. Lakini mtu anayechagua timu kubwa zenye odi ndogo hana budi kupatia mara nyingi zaidi, na kichwa cha binadamu hukumbuka mara alizopatia kuliko odi alizolipwa.

Athmani akasema ni nuksi, kwamba mechi saba alizopungukiwa zilimponyoka katika dakika za nyongeza. Ndipo msichana alipofungua ukurasa wa nyuma. Kwa kila mechi iliyokuwa daftarini alikuwa ametafuta odi ya timu mwenyeji, akajifanya ameibeti hiyo hiyo kila mara, bila kuangalia goti la mtu wala kadi. Mwenyeji alishinda mechi 55, kwa wastani wa odi ya 2.00, na kurudisha shilingi 11,000. Ujuzi wote wa Profesa, pamoja na miwani, ulikuwa umepitwa kwa shilingi 110 na mtu asiyejua chochote isipokuwa mechi inachezwa uwanja wa nani.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wauza mechi za uhakika hupita hapa wakikimbia. Pesa ile ilikwenda wapi? Chukua mechi ya kawaida ubaoni: mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.30. Tuseme unataka kuhakikisha kwamba litokee litakalotokea utalipwa shilingi elfu moja. Utaweka 476 kwa mwenyeji, 313 kwa sare na 303 kwa mgeni. Jumla ni 1,092. Umelipa 1,092 ili upewe 1,000, na zile 92 zimebaki kwa kampuni kabla refa hajapuliza filimbi. Ni kama shilingi nane na senti kadhaa katika kila mia, na hazimo kwenye tiketi kwa jina lolote. Zimefichwa ndani ya odi zenyewe. Mtu asiye na ujuzi wala ujinga wowote, akibeti muda mrefu, atapoteza takriban kiasi hicho. Tukipima kwa odi za Athmani, mtu wa namna hiyo angetarajiwa kupatia mechi kama 67 katika 120. Yeye alipatia 66. Alikuwa amelipa ada, basi, na wala hakuwa na nuksi.

Ubaya zaidi uko kwenye mkeka, ambao ndio uliompa jina. Ada ile hukatwa kwenye kila mechi unayoiongeza, na makato huzidishana. Katika mechi moja hubaki kama 91.6 ya kila mia. Ukizidisha hivyo mara saba hubaki kama 54. Huo ndio mkeka wa mechi saba: kwa wastani, karibu nusu ya pesa yote imekwisha kuliwa kabla ya mechi ya kwanza kuanza. Mkeka ukitoka hulipa vizuri, na ndiyo maana husimuliwa. Jakpoti ya mechi kumi na saba, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, ina njia 129,140,163 za kujazwa, na sitasema zaidi juu yake.

Ninakubali, japo sipendi kukubali, kwamba ujuzi wa kubeti upo. Wapo watu wachache duniani wanaopima mechi vizuri kuliko mpanga odi, na wana dalili inayoweza kuonekana hata kabla ya matokeo: mara kwa mara huchukua odi ya 2.10 ambayo mpira ukikaribia kuanza imeshuka hadi 1.90, maana yake soko zima limekuja kukubaliana nao wakiwa wamekwisha nunua. Watu hao hawauzi mechi kwa shilingi mia tatu. Na mara nyingi kampuni ikishawatambua huwapunguzia dau wanaloruhusiwa kuweka, jambo ambalo wateja wa kibandani hawajawahi kulalamikia, na waulizwe kwa nini.

Ninakubali pia kwamba mechi 120 ni chache. Kwa idadi hiyo bahati peke yake huweza kumpandisha au kumshusha mtu kwa mechi tano au sita bila ajabu yoyote, hivyo mtu asiyejua kitu angeweza kupatia 72 na kuwa karibu arudishe pesa yake, akaitwa daktari badala ya profesa. Lakini hoja hiyo humuumiza zaidi anayedai ujuzi kuliko anayeukana. Kama mechi 120 hazitoshi kuthibitisha, mkeka mmoja unathibitisha nini?

Athmani hakuamini hesabu mara moja, maana fundi huamini mkono wake. Alikwenda kibandani akajaribu jambo ambalo kwangu ndilo lenye akili kuliko yote katika hadithi hii: aliamua kushindwa kwa makusudi. Kwenye mechi za mashine, zile za katuni zinazochezwa kila baada ya dakika chache, alikata tiketi kumi za shilingi ishirini, na katika kila moja alichagua tokeo aliloona haliwezekani kabisa. Tatu zikashinda. Alisimama pale akizitazama. Mashine ya boti anaweza kuiharibu kwa makusudi wakati wowote, na kwenye bao anaweza kumwachia mpinzani kete zote akitaka. Hapa alikuwa amejitahidi kwa moyo wote kushindwa na ikamshinda hata hiyo. Katika mechi za mashine matokeo hutoka kwa namba za kubahatisha, na majina ya timu ni nguo tu. Kwenye mpira wa kweli mtu anaweza kupoteza tiketi nyingi akichagua timu dhaifu tupu, lakini odi zao kubwa humrudishia pesa mara moja moja, na mwisho wa daftari ada huwa iko pale pale au imezidi kidogo.

Sasa kuhusu wale wauzaji wa Telegram, kwa ufupi: chukua watu mia nane, waambie mia nne kwamba magoli yatazidi mawili na mia nne kwamba hayatazidi, kisha uwaache waliokosa na uwagawe waliobaki tena. Baada ya mechi tatu una watu mia moja walioona ukipatia mara tatu mfululizo, nao watalipa.

Athmani bado huenda kibandani siku za Jumamosi, huweka hamsini kwenye timu anayoipenda, na akiitwa Profesa hanyanyui kichwa. Mwezi uliopita kijana wa dirishani alimpa karatasi ya promosheni: mkeka wa mechi saba unaongezewa bonasi ya asilimia kumi juu ya malipo. Zamani angekimbilia kalamu ya kujazia tiketi. Safari hii aliomba kalamu hiyo hiyo, akaandika nyuma ya karatasi 54, akaongeza asilimia kumi, akapata 59, akairudisha dirishani na kumuuliza kijana ile arobaini na moja iliyobaki inakwenda kwa nani. Kijana akamwambia asogee kidogo, watu wanasubiri.