Moshi hauelezi yote kuhusu mafuta ya kukaangia

Ushauri unaorudiwa sana kuhusu mafuta ya kukaangia ni huu: tazama joto ambalo mafuta huanza kufuka moshi, kisha chukua yenye nambari kubwa. Kwa kanuni hiyo alizeti na mawese yaliyosafishwa kiwandani hushinda, kwa kuwa yote mawili huvumilia hadi karibu nyuzi 225 au 230 za Selsiasi. Zeituni ya daraja la ekstra vajini hufuata, mara nyingi kati ya 190 na 210, na nazi isiyosafishwa hubaki nyuma, karibu na 175. Nambari hizo si za uongo. Ila zinajibu swali dogo kuliko lile alilo nalo mtu anayetaka kukaanga, na wengi wanaozitumia hawajui zinapima kitu gani hasa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mafuta kidogo huwekwa kwenye kikombe cha chuma, hupashwa taratibu mbele ya mwanga, na joto huandikwa pale uzi mwembamba wa moshi wa buluu unapoanza kupanda bila kukatika. Kinachofuka kwanza si mafuta kwa ujumla wake. Molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, na ikiwa nzima ni nzito, haipandi hewani kirahisi. Kinachopanda ni asidi zilizokwisha kuachana na gliseroli, ambazo wataalamu huziita asidi huru, pamoja na vitu vingine vyepesi vilivyotoka kwenye mbegu au tunda. Kiwanda kinaposafisha mafuta huziondoa karibu zote, na hapo nambari inapaa. Ndiyo maana alizeti iliyosafishwa hufika 225, ilhali alizeti iliyokamuliwa bila joto na kuchujwa tu inaweza kufuka hata kabla ya 160. Mmea ni ule ule. Nambari ya moshi, kwa hiyo, inaeleza zaidi usafishaji na umri wa mafuta kuliko asili yake. Nazi tu ndiyo yenye sababu ya ziada: karibu nusu ya asidi zake ni asidi ya lauriki, ambayo ni fupi na nyepesi, na zikishaachana na gliseroli huruka upesi. Hata ikisafishwa hufika 200 na kidogo tu.

Wanaotetea nambari hii wana hoja nzito. Mafuta yanapofuka, gliseroli inapoteza maji na kugeuka akrolini, gesi inayochoma macho na kukereketa koo. Harufu kali ya mafuta yaliyoungua inatokana nayo kwa sehemu kubwa. Chakula nacho huingiwa na uchungu ambao viungo havifichi. Kwenye kikaango cha mafuta kidogo hatari hii iko karibu kuliko watu wanavyodhani. Utando mwembamba wa mafuta juu ya chuma kilichoachwa motoni bila chakula unaweza kupita nyuzi 230 ndani ya dakika chache, kwa sababu hakuna maji ya chakula ya kupooza chuma. Anayetaka kubabua nyama juu ya moto mkali kwa ekstra vajini au nazi isiyosafishwa atajaza moshi jikoni, na hapo nambari ya moshi ni mwongozo mzuri kuliko mwingine wowote. Tena moshi ni onyo la moto. Mafuta yakiendelea kupashwa hadi kuzidi nyuzi 300, mvuke wake unaweza kudakwa na mwali wa jiko. Yakipanda zaidi huwaka yenyewe. Yakiwaka, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Maji hayamwagwi kamwe, maana huzama chini, huchemka kwa kishindo na kurusha mafuta yanayowaka.

Kukaanga kwa mafuta mengi ni jambo jingine kabisa. Chakula hukaangwa kati ya nyuzi 160 na 180, na hapo mafuta yote manne, yakiwa yamesafishwa na ni mapya, yako chini ya joto lake la moshi. Wala hayafuki. Lakini yanaharibika, kimya kimya, saa baada ya saa, na kinachoamua kasi ya uharibifu huo ni aina ya asidi zilizomo, jambo ambalo kipimo cha moshi hakiligusi.

Oksijeni hushambulia asidi za mafuta kwenye viungo maradufu vya kaboni, yaani pale atomi mbili za kaboni zilipoungana mara mbili. Asidi ya linoleiki ina viungo viwili vya namna hiyo, na huoza kwa oksijeni haraka mara kumi hivi, au zaidi, kuliko asidi ya oleiki yenye kimoja. Asidi zilizoshiba hazina hata kimoja, kwa hiyo oksijeni haina pa kushika kirahisi. Sasa tazama kilichomo kwenye chupa. Alizeti ya kawaida ina linoleiki karibu asilimia 60. Mawese yana karibu 10, zeituni mara nyingi iko hapo hapo au juu kidogo, na nazi ina asilimia 2 hivi. Alizeti, mmoja wa washindi wawili wa kipimo cha moshi, ndiyo dhaifu kuliko yote mbele ya oksijeni. Linoleiki ikivunjika hutoa aldehaidi mbalimbali, mojawapo ikiwa ile yenye jina refu la haidroksinonenali, ambayo hushikana na protini za mwili na kuzivuruga. Sehemu ya aldehaidi hizo hupanda na mvuke, na sehemu hubaki kwenye mafuta yanayonyonywa na chakula.

Utafiti mmoja wa Australia uliotoka mwaka 2018 uliyapasha mafuta ya aina nyingi, kisha ukapima mabaki ya uharibifu. Ulikuta kwamba joto la moshi halikutabiri vizuri ni mafuta yapi yangeharibika zaidi. Ekstra vajini ndiyo iliyotoa mabaki machache kuliko yote, na nazi ikafuata kwa karibu. Ni haki kusema kwamba watafiti wake walikuwa na uhusiano na wazalishaji wa zeituni, na kwamba mafuta yalipashwa bila chakula ndani yake. Nisingeutegemea peke yake. Hata hivyo matokeo yake yanalingana na kemia niliyoieleza, na kemia hiyo haikuanzia kwa wauza zeituni.

Chukua sufuria yenye lita 2 za alizeti mpya iliyosafishwa, inayokaanga vipande vya viazi kwa nyuzi 180. Mwanzoni kuna nafasi ya nyuzi 45 kati ya kazi na moshi, na mpishi ana kila sababu ya kujiona salama. Viazi vikiingia hutoa maji. Maji hayo huvunja baadhi ya molekuli na kuachia asidi huru, zile zile ambazo kiwanda kilikuwa kimeziondoa. Zikifikia asilimia 1 hivi ya mafuta, joto la moshi huwa limeporomoka hadi karibu na 160. Yaani mafuta yaliyonunuliwa kwa sifa ya 225 sasa yanafuka chini ya joto la kukaangia, na nambari ya siku ya kwanza haina kazi tena. Wakati huo huo vipande vya molekuli vilivyoguswa na oksijeni vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwa minyororo mizito. Mafuta yanakuwa mazito, yanachuruzika polepole kijikoni, na ukingoni mwa sufuria unatokea utando wa kahawia unaonata ambao sabuni haiuwezi. Mapovu nayo hubadilika: badala ya makubwa yanayopasuka mara moja, juu hutanda povu dogo dogo la manjano lisilotaka kutulia hata chakula kikitolewa. Chakula kinatoka cheusi nje, kimelowa mafuta ndani.

Hapo hayahitaji kipimo, ni ya kutupwa. Ujerumani huhesabu mafuta kuwa yamekwisha mabaki hayo ya uharibifu yakifika asilimia 24, Ufaransa na Hispania 25. Sheria hizo zinahesabu uharibifu wenyewe, hazingoji moshi.

Sufuria hiyo hiyo ikijazwa mawese ingechukua muda mrefu zaidi kabla ya povu lile, na ndiyo sababu viwanda vya vyakula vya kukaangwa huyapenda. Mizani haiishii hapo, lakini. Karibu nusu ya mawese ni asidi zilizoshiba, na kwenye nazi ni asilimia 90 hivi. Mafuta yote mawili huinua kolesteroli mbaya kwenye damu, na anayekula vya kukaanga kila siku hana budi kulihesabu hilo. Kuna na jambo lisilosemwa sana: ule usafishaji unaopandisha joto la moshi la mawese hufanyika kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, na hapo huzaliwa esta za glisidili, kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani, ambazo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilizitolea onyo mwaka 2016. Viwanda vimezipunguza tangu hapo, ila nambari nzuri ya moshi ilikuwa na gharama yake tangu kabla chupa haijafunguliwa. Nazi ina matata yake pia. Maji ya chakula yakiivunja hutoa lauriki huru yenye ladha ya sabuni, na ikichanganywa na mafuta ya aina nyingine hutoa povu linaloweza kufurika.

Kwa maoni yangu, joto la moshi lina nafasi yake kwenye kikaango chenye moto mkali na dakika chache. Humo alizeti iliyosafishwa inafaa kabisa, na linoleiki yake haipati muda wa kuoza sana. Kwa karai la mafuta mengi, hasa yatakayochujwa na kurudishwa jikoni, ningetazama asidi kwanza. Zeituni inaweza kazi hiyo, alimradi mtu akubali ladha yake na awe na kipimajoto cha kumzuia asipite 180. Iliyo rahisi zaidi ni alizeti yenye oleiki nyingi, ile iliyotokana na mbegu zilizochaguliwa ili oleiki ifike asilimia 75 na kuendelea. Inafuka kwa joto lile lile la alizeti ya kawaida na haina shehena ya mafuta yaliyoshiba. Kwa macho haitofautiani na alizeti nyingine; soma lebo, na kama haitaji oleiki, ichukulie kuwa ni ya kawaida.

Aina yoyote utakayoichagua, uharibifu mwingi hutokea kati ya mkupuo mmoja na mwingine, moto ukiwa juu na karai halina chakula cha kulipooza. Punguza moto hapo, opoa chenga kabla hazijageuka mkaa, na tia chumvi baada ya kuopoa chakula. Na mafuta yaliyokwisha kutoa povu usiyaongezee mapya ukidhani umeyafufua: mabaki yaliyomo huanza mara moja kuyachachisha yale uliyomimina.